Kwa nini uzazi wa tano uwe wa hospitali



Mlinitaka nizungumze nanyi juu ya afya ya mama mjamzito. Nimechagua jambo moja tu, tena lililoandikwa kwa maneno machache katika kadi ya kliniki. Katika kadi hiyo imo sehemu inayotaja hali ambazo mama akiwa nazo hushauriwa akajifungulie hospitalini, wala si katika zahanati, sembuse nyumbani. Nyingi kati ya hali hizo hazina ubishi. Mama aliyewahi kupasuliwa, mama mfupi mno, mama mwenye ugonjwa wa moyo: hao kila mtu huelewa kwa nini wanaambiwa waende mbali. Lakini ipo hali moja inayoleta mabishano karibu kila siku ya kliniki, nayo ni mimba ya tano na kila mimba inayofuata baada ya hiyo.

Nazungumza nanyi kwa sababu kadi ile ikirudi kijijini, ninyi ndio mnaoletewa muisome. Mume humjia mwalimu jioni, kadi mkononi, akauliza: "Mwalimu, hebu nifafanulie. Mke wangu amezaa wanne, wote salama, na wawili kati yao walizaliwa kabla hata mkunga hajafika. Leo amekwisha kuwa mzoefu, ndipo anaambiwa aende hospitali ya wilaya. Je, uzoefu nao ni ugonjwa?" Swali hili ni la haki. Halijibiwi kwa kusema kwamba wataalamu ndivyo walivyoagiza. Mimi ni mkunga kwa kazi yangu, na ningependa tulijibu kwa kueleza hasa kinachotokea mwilini.

Kwanza tukubaliane juu ya hesabu. Mama akiulizwa ana watoto wangapi, hutaja walio hai. Husema "watatu", na muuguzi mwenye haraka huandika watatu. Kumbe huyo mama alizaa mtoto mfu miaka sita iliyopita, na mwingine alifariki akiwa na mwezi mmoja. Mimba aliyo nayo leo ni ya sita, lakini kadi inasema ni ya nne. Mji wa mimba hauhesabu watoto wanaokula nyumbani. Hukumbuka kila mtoto uliyembeba mpaka siku zake zikatimia, awe alilia au hakulia. Kwa hiyo yeyote anayemsaidia mama kujaza kadi na amuulize kwa upole na faraghani: umebeba mimba mara ngapi, umezaa mara ngapi, na ngapi ziliharibika? Baadhi ya akina mama hawataki kutaja msiba uliopita mbele ya mume wa sasa au mbele ya mama mkwe, na pengine ule msiba ndio unaobadilisha mahali pa kuzalia.

Sasa tuje kwenye kiini. Watu wengi hudhani kwamba hatari ya uzazi ni kutoka kwa mtoto. Akishatoka na kulia, vigelegele hupigwa na kila mtu hushusha pumzi. Mkunga hashushi pumzi wakati huo. Kwake yeye saa ya hatari ndiyo kwanza inaanza.

Mimba inapokaribia kutimia, damu ipatayo nusu lita au zaidi hupita katika mji wa mimba kila dakika ili kumlisha mtoto kwa njia ya kondo la nyuma. Kondo likibanduka huacha jeraha pana kama sahani, lenye midomo mingi ya mishipa iliyo wazi. Jeraha hilo halifungwi kwa bandeji wala kwa kuganda kwa damu peke yake. Hufungwa na misuli ya mji wa mimba wenyewe. Misuli hiyo imesukwa kama ukili, nyuzi zikipita huku na huku, na mishipa ya damu imepenya katikati ya nyuzi hizo. Misuli ikikaza, kila mshipa hubanwa kana kwamba umefungwa fundo. Mama aliyezaa salama ukimgusa chini kidogo ya kitovu utakuta kitu kigumu cha mviringo, na hilo ndilo fundo lenyewe. Misuli isipokaza, tumbo huwa laini kama unga uliokandwa kwa maji mengi, na ile midomo hubaki wazi.

Mji wa mimba uliokwisha kubeba na kutanuka mara nyingi una uwezekano mkubwa zaidi wa kulegea baada ya kuzaa. Maelezo ya tangu zamani ni kwamba kila uzazi huacha nyuzi ngumu zisizoweza kukaza mahali palipokuwa na misuli. Lakini hatuna haja ya kulibebesha jambo moja mzigo wote, kwa kuwa mama wa mimba ya tano mara nyingi ana mambo mengine pia. Umri umesogea. Mtoto huweza kuwa mkubwa kuliko waliomtangulia. Kondo la nyuma huweza kujishikiza chini, karibu na mlango wa uzazi, na hilo peke yake huleta damu kabla ya kuzaa. Zaidi ya yote, damu ya mama yenyewe huwa imepungua. Kila mimba na kila kunyonyesha kumechota madini ya chuma katika mwili wake, na kama mimba zimefuatana bila kupumzika walau miaka miwili, kile kilichochotwa hakijarudishwa. Malaria na minyoo ya safura huchukua kilichobaki.

Ni lazima niseme ukweli wote ili msije mkanaswa katika ubishi. Wanawake wengi wanaozaa mtoto wa tano huzaa salama. Tena, wengi wa wale wanaotokwa na damu nyingi duniani si wa mimba ya tano, na hawakuwa na dalili yoyote iliyoandikwa katika kadi. Ndiyo sababu kila mama, hata wa mimba ya pili, anatakiwa azalie mahali penye mkunga aliyesomea kazi yake na penye dawa. Tofauti ya mama wa mimba ya tano ni kwamba yeye anatakiwa awe karibu pia na damu ya kuongezwa na chumba cha upasuaji, kwa sababu mji wake wa mimba unaweza kukataa kutii dawa ya kwanza, na damu aliyo nayo akiba ni ndogo.

Tuchukue mfano, nami nautunga kutokana na mambo ya kawaida ya kazi hii. Mama wa miaka 36, mimba ya sita, anakaa kilometa 40 kutoka hospitali ya wilaya. Ameshikwa na uchungu saa tano usiku. Uchungu wa mzazi wa mara nyingi huenda mbio, na saa nane kamili mtoto yuko mikononi mwa bibi mmoja jirani, mwenye busara na mikono safi. Saa nane na dakika kumi kondo la nyuma limetoka. Watu wanafurahi. Bibi anaona damu inachuruzika, lakini haitoki kwa kishindo, inatiririka tu, na tena ni usiku, taa ni ndogo, na kanga ni ya rangi nyeusi na nyekundu. Mmoja anasema, "Iache itoke, hiyo ni damu chafu." Ndugu zangu, maneno hayo yameua. Damu inayotiririka baada ya kondo kutoka ni ile ile iliyokuwa inampitia moyoni dakika moja iliyopita.

Chupa ya soda ya kawaida huchukua mililita 350. Mama akipoteza chupa moja na nusu tumekwisha kufika kile kipimo cha mililita 500 ambacho wakunga hukiita damu nyingi. Mama mwenye damu ya kutosha atavumilia. Lakini huyu alipopimwa mara ya mwisho alikuwa na gramu 8 kwa desilita, hali mjamzito anatakiwa awe na 11 au zaidi. Kwake yeye chupa moja na nusu ni hasara kubwa.

Saa nane na nusu anaomba maji. Anasema anasikia baridi. Anahangaika, anageuka huku na huku, anamwambia dada yake kwamba moyo unamwenda mbio. Hizo ndizo dalili, nazo huja kabla hajazimia. Mwili wa mwanamke ambaye bado ana nguvu hujitetea kwa kubana mishipa ya mikono na miguu ili damu iliyobaki iende kwenye moyo na ubongo. Kwa muda huo bado anazungumza, na hata shinikizo la damu likipimwa laweza kuonekana la kawaida. Watu huona kwamba hali si mbaya sana. Halafu ule utetezi hushindwa ghafla.

Saa tisa kasoro robo mume anakwenda kutafuta pikipiki. Saa tisa na robo imepatikana, lakini mama hawezi kukaa juu yake. Saa tisa na nusu wanatafuta gari. Makadirio yanayotumiwa na wakunga ulimwenguni ni kwamba mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kuzaa, asipotibiwa, huweza kufa kwa wastani wa muda wa saa mbili tangu damu ilipoanza. Hesabuni wenyewe: damu ilianza saa nane na dakika kumi, na gari likipatikana saa kumi bado kuna kilometa 40.

Mama huyo huyo, usiku huo huo, mumtie sasa katika chumba cha uzazi cha hospitali. Mtoto amezaliwa saa nane. Kabla ya dakika moja kwisha mkunga amekwisha kuhakikisha hakuna pacha tumboni, na amemchoma mama sindano ya oksitosini, yuniti 10, katika msuli wa paja. Dawa hiyo huuamuru mji wa mimba ukaze. Inataka kuhifadhiwa katika jokofu, kati ya nyuzi 2 na 8 za joto, na kwa sababu hiyo pekee haifai kubebwa mfukoni wala kununuliwa dukani na kuwekwa kabatini. Kisha mkunga analitoa kondo kwa utaratibu, mkono mmoja ukizuia mji wa mimba juu na mwingine ukivuta kiungamwana taratibu, naye hulichunguza pande zote kama limetoka zima. Kipande kikibaki ndani, ukubwa wa kidole gumba tu, mji wa mimba hauwezi kufunga.

Chini ya mama huyu limetandikwa karatasi la plastiki lenye mfuko wenye mistari ya kipimo. Hiki ni kitu chepesi, lakini historia yake inatuhusu. Zamani mkunga alikisia damu kwa macho, na macho ya binadamu hukisia damu pungufu, hasa ikiwa nyingi. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu Tanzania. Katika hospitali zilizopewa mfuko huo wa kupimia, pamoja na utaratibu wa kutoa tiba zote kwa mkupuo badala ya kujaribu moja moja, matukio ya akina mama kutokwa na damu nyingi mno, kupasuliwa kwa sababu ya damu, au kufa kwa damu yalipungua kwa asilimia 60. Hapakuwa na dawa mpya hata moja. Kilichobadilika ni kujua mapema na kutosubiri.

Basi saa nane na dakika kumi na tano mfuko unaonyesha mililita 500, na mkunga akigusa tumbo analiona laini. Anaita wenzake. Mmoja anausugua mji wa mimba kwa kiganja mpaka ukaze. Mwingine anaweka dripu yenye oksitosini zaidi. Wa tatu anachoma polepole katika mshipa gramu 1 ya asidi ya traneksamiki, dawa inayosaidia damu kushikana, ambayo utafiti uliofanywa katika nchi 21 na kutangazwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba hupunguza vifo vya damu ikitolewa ndani ya saa tatu tangu kuzaa. Kibofu kinakaguliwa, maana kibofu kilichojaa huuzuia mji wa mimba usikaze. Njia ya uzazi inaangaliwa kama imechanika. Mengi ya haya hukamilika kabla mume wa mfano wetu wa kwanza hajavaa viatu.

Kwa akina mama walio wengi damu husimama hapo. Isiposimama, mganga huubana mji wa mimba kati ya ngumi na kiganja, au huingiza puto linalojazwa maji ili libane kutoka ndani, huku maabara ikipanga damu ya kundi lake. Hatua ya mwisho ni chumba cha upasuaji. Hizi hatua za mwisho ndizo zinazotenganisha hospitali na zahanati, nazo ndizo zinazomfanya mama wa mimba ya sita aandikiwe hospitali.

Nimekaa sana kwenye damu kwa kuwa ndiyo kubwa, lakini kuna hatari ya pili inayotangulia kuzaa, na hiyo huwashangaza watu zaidi. Katika mimba ya kwanza, misuli ya tumbo ni imara, na kichwa cha mtoto hushuka katika nyonga majuma kadhaa kabla ya uchungu. Baada ya uzazi mwingi ukuta wa tumbo huwa umelegea, na mtoto hupata nafasi ya kuelea na kugeuka hata siku za mwisho. Leo muuguzi amekuta kichwa kiko chini, juma lijalo mtoto amelala kombo, bega ndilo limeelekea mlangoni. Chupa ikipasuka mtoto akiwa katika hali hiyo, kiungamwana huweza kutangulia kutoka, na mtoto huwa na dakika chache tu. Kwa hiyo mama wa mimba ya tano asiridhike na kupimwa mlalo wa mtoto mara moja. Apimwe kila juma baada ya juma la 36.

Mtoto akikwama, misuli ya mzazi wa kwanza na misuli ya mzazi wa mara nyingi haifanyi jambo moja. Mji wa mimba wa mzazi wa kwanza huelekea kuchoka. Uchungu hufifia, na maumivu yake huwa ya siku nyingi, pamoja na hatari ya fistula. Ule wa mzazi wa mara nyingi haukati tamaa. Hukaza na kukaza dhidi ya kizuizi mpaka sehemu yake ya chini, iliyokwisha kuwa nyembamba, inachanika. Mama husikia maumivu makali kuliko yote, kisha ghafla uchungu unakoma. Waliomzunguka hushukuru Mungu kwamba amepata nafuu. Huenda damu ya nje ikawa kidogo tu, kwa kuwa nyingi inamwagikia tumboni. Mtoto huacha kucheza, na mama hupauka. Hiyo si nafuu. Uchungu wa mzazi ukikatika ghafla kabla mtoto hajatoka, hata kama mama anasema anajisikia vizuri, hilo ni jambo la kupasuliwa saa hiyo hiyo.

Hapa ndipo zinapoingia dawa za kuongeza uchungu. Ziko mizizi na majani yanayochemshwa ambayo kweli huukaza mji wa mimba. Wazee hawakukosea katika hilo. Lakini hakuna anayejua kikombe kimoja kina nguvu kiasi gani, na kikishanywewa hakirudi. Katika mji wa mimba uliozaa mara tano, mtoto akiwa amekaa vibaya, kikombe hicho ndicho humalizia kuuchana. Hata hospitalini dawa ya kuongeza uchungu hutolewa kwa mama wa aina hii kwa woga mkubwa, kwa matone yanayohesabiwa, na mkunga akiwa amesimama kando.

Yafaa sasa tuseme "hospitali" maana yake nini, maana jina peke yake halizuii damu. Zahanati ina mkunga na ile sindano ya kwanza, na kwa mama aliyeshikwa na uchungu mbali, zahanati ni bora mara nyingi kuliko nyumbani. Haina damu ya kuongeza wala upasuaji. Vituo vya afya vimegawanyika: katika miaka ya karibuni vingi vimejengewa vyumba vya upasuaji, vingine havijajengewa. Mume na aulize maswali mawili kabla ya mwezi wa tisa: je, hapa mnapasua usiku, na je, damu ipo? Kituo cha afya kinachojibu ndiyo kwa yote mawili kinafaa kama hospitali ya wilaya, na pengine ni karibu zaidi.

Na safari ihesabiwe upya. Mama aliyezaa wa kwanza kwa saa 18 anaweza kuzaa wa sita kwa saa tatu, naye akisubiri uchungu ukolee kama alivyofanya zamani atazalia njiani. Kwa anayekaa mbali, dawa ni kusogea mapema, mimba ikifika juma la 37 au 38, akakae kwa ndugu aliye karibu na hospitali au katika nyumba ya kusubiria kujifungua, zile ambazo mahali pengine huitwa Chigonela. Hatari ikishatokea, piga simu namba 115. Ni ya bure, na huunganisha mzazi na usafiri wa dharura wa mpango wa m-mama, ulioanza kuenezwa nchi nzima mwaka 2022. Wapangwe pia ndugu wawili wenye afya wa kujitolea damu, wajulikane kwa majina.

Lakini tusijidanganye kwamba akina mama hawa hawaendi kwa kutojua. Wengi wanajua. Mama wa watoto watano huuliza: nani atabaki nao? Nani atakamua ng'ombe, nani atamwamsha wa darasa la pili? Mzazi wa kwanza ana mama yake wa kumsindikiza. Mzazi wa sita yeye ndiye mama wa nyumba. Hapo mwalimu mkuu na mtendaji wana la kufanya, hata kama ni kupata jirani mmoja na kumwachia kilo za unga.

Na lipo la pili, ambalo linatuhusu sisi wenye kazi hii. Mama akifika wodini na mimba ya saba hukaribishwa kwa maneno: "Wewe tena? Hujachoka?" Wagonjwa wenzake hucheka. Mama huyo mara ya nane haji. Habari za kupanga uzazi zina wakati wake, nao ni wakati wa kliniki, mume akiwapo, au mama akiwa amekwisha kupumzika baada ya kuzaa. Kumsuta mtu aliyeshikwa na uchungu si elimu ya afya, na mimi nahesabu ulimi wa namna hiyo kuwa kisababishi cha vifo, ingawa hauandikwi katika cheti.

Nigusie pia watumishi wenzenu wa kike. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliweka kwamba mwajiri analazimika kutoa likizo ya uzazi yenye malipo kwa mara nne. Mwalimu wa kike mwenye mimba ya tano, akiona hana likizo hiyo, hufundisha mpaka siku ya uchungu, kilometa nyingi kutoka hospitalini. Mkuu wake wa kazi anaweza kumpangia likizo yake ya mwaka iangukie juma lile la 37. Hilo halivunji kanuni yoyote.

Baada ya kuzaa, mama huyu abaki wodini saa 24 zisizopungua, hata akiona amepona na nyumbani wanamngoja. Mji wa mimba uliokaza unaweza kulegea tena katika saa hizo. Afundishwe kujigusa tumbo chini ya kitovu na kulisugua akiliona laini, aende haja ndogo mara kwa mara, na amnyonyeshe mtoto mapema, maana kunyonya huamsha mwilini dawa ile ile iliyokuwa katika sindano. Ndiyo sababu tumbo humkata anaponyonyesha, na humkata zaidi kila uzazi unavyoongezeka. Wengi hulalamika kwamba kwa mtoto wa kwanza hawakusikia maumivu hayo kabisa. Maumivu hayo yasimtishe, ni misuli inakaza. Cha kumtisha ni kitambaa kulowa chote kwa muda usiofika dakika tano, au damu iliyokuwa imepungua kurudi nyekundu na nyingi, hata ikiwa ni juma la pili na amekwisha kurudi nyumbani. Hapo arudi hospitalini mchana au usiku, na ile kadi aje nayo.